Gari la milioni 12, nikalilipia zaidi ya 15

IST yangu niliinunua hapa Dar es Salaam kwa shilingi milioni 12, nikakopa kiasi hichohicho kwa mkopo wa mshahara: riba asilimia 18 kwa mwaka, miaka 3. Siku ya kusaini macho yangu yalikuwa kwenye rejesho tu, 433,829 kwa mwezi. Nikaona naimudu. Nyumbani usiku nikazidisha mara 36, ikaja 15,617,844. Na hapo bado ada ya mkopo, 240,000, ambayo benki ilishaikata kabla pesa haijaingia kwenye akaunti yangu, huku riba ikihesabiwa kwenye milioni 12 kamili.

Mwenzangu kazini alikopa kwingine, kiasi kilekile, asilimia 18 ileile, miaka 3 ileile. Yeye alikatwa 513,333 kila mwezi. Tulidhani wamekosea, kumbe hawajakosea. Riba yangu ilihesabiwa kwenye deni lililobaki: mwezi wa kwanza nililipa riba 180,000, na mwezi wa mwisho haikufika 7,000. Yake ilihesabiwa kwenye milioni 12 tangu mwanzo hadi mwisho, hata alipokuwa ameshalipa sehemu kubwa. Jumla yake ikawa 18,480,000. Kwa hiyo asilimia peke yake haikuambii kitu. Mwombe afisa mikopo jedwali la marejesho kabla ya kusaini, utazame safu ya riba. Kama haishuki mwezi hadi mwezi, uko kwenye riba kama ya mwenzangu.

Sasa tuseme ningekuwa naweka ile 433,829 kila mwezi badala ya kukopa. Milioni 12 ingetimia mwezi wa 28, wakati mkopo ulinichukua miezi 36. Tofauti ni miezi minane ya kumfanyia kazi mkopeshaji. Lakini kusubiri nako kuna gharama: nauli za miezi yote hiyo, na magari haya yanaagizwa Japani, hivyo shilingi ikishuka bei hupanda ukiwa bado unadunduliza. Ningekuwa nanunua gari la kuniingizia pesa kila siku, labda nisingesubiri.

Ila kwa gari la kwendea kazini, leo ningepita katikati. Ningeweka miezi 14, nipate kama milioni 6, kisha nikope milioni 6 zilizobaki na kuendelea kulipa kiasi kilekile. Deni lingeisha ndani ya miezi 16, na riba isingefika laki 8, badala ya milioni 3.6 niliyolipa. Nusu ya mkopo, lakini riba haipungui kwa nusu tu, inashuka hadi chini ya robo, kwa sababu deni ni dogo na pia linakaa muda mfupi. Hesabu hii ningeionyeshwa kabla ya kusaini, gari ningelipata mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, na zaidi ya milioni 2.8 ingebaki mfukoni mwangu.