Skripti moja ya tangazo, matoleo sita: nianze kubadilisha wapi?

Swali: Ninauza mashine za kutotolesha vifaranga hapa Morogoro. Nina skripti ya tangazo la video la sekunde 45 inayoanza na "Habari mpendwa mteja". Mtu ameniambia nitengeneze matoleo mengi nijaribu lipi linaleta wateja, nikabadilisha maneno huku na kule, nikaweka matoleo manne Facebook na Instagram. Moja lilileta jumbe 12, jingine 9, mengine chini ya hapo. Sijui nimejifunza nini. Nibadilishe nini, kwa mpangilio gani, na nitajuaje lililoshinda?

Jibu: Ndugu yangu, ulipobadilisha maneno huku na kule ulibadilisha mambo matatu kwa mpigo, ndiyo maana hata kama toleo moja lingeshinda kwa mbali usingejua sababu. Chukua skripti yako uikate vipande vitatu. Kuna ndoano, yaani sentensi na picha ya kwanza inayomzuia mtu asipitilize kidole. Kuna mwili, ambao unaeleza mashine ni nini na unathibitisha. Kuna mwito, yaani kile unachomwomba afanye mwishoni. Mwili ndio nguzo, na katika raundi ya kwanza hauguswi.

Mwili wako, ukishaondoa salamu, naona unaweza kusimama hivi: "Inabeba mayai 64. Inayageuza yenyewe na kushika joto la nyuzi 37.5. Siku ya 21 vifaranga wanatoka. Umeme ukikatika, unaiunganisha na betri." Andika maneno hayo mara moja, yarekodi kwa sauti moja na picha zilezile, halafu uyatumie katika matoleo yote ya mwanzo.

Sasa ndoano. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuandika sentensi ileile kwa maneno tofauti: "Je, unafuga kuku?", "Wewe ni mfugaji wa kuku?", "Wafugaji wa kuku mpo?" Hizo ni ndoano moja iliyorudiwa mara tatu. Ndoano mpya ni sababu mpya ya mtu kusimama. Kwa mashine yako mimi ningeandika tatu. Ya kwanza inagusa hasara: "Kuku ameacha kuatamia, na mayai yako kumi na mawili yanaharibika." Ya pili inagusa hofu inayomzuia mtu kununua: "Umeme ukikatika usiku, mayai yaliyo ndani ya mashine yanakuwaje?" Ya tatu haina hoja kabisa, ni ushahidi mtupu: kamera iko karibu na yai, ganda linapasuka, sauti ya kifaranga inasikika, na maandishi yanasomeka "Siku ya 21, asubuhi". Piga picha hiyo kwenye mashine yako mwenyewe, asubuhi hiyohiyo.

Wengi hutazama simu ikiwa haina sauti, kwa hiyo ndoano iandikwe kwenye kioo pia, kwa maandishi makubwa, tangu sekunde ya kwanza. Usianze na nembo ya duka.

Hapa pana kazi ambayo wengi huiruka: mshono kati ya ndoano na mwili. Ukiuliza kuhusu umeme kukatika, kisha sauti ikaendelea "Inabeba mayai 64", mtazamaji anahisi umemkimbia. Umemuuliza jambo la umeme, unamjibu habari ya mayai. Andika sentensi fupi ya kuunganisha, isiyozidi sekunde tatu: "Hii ina sehemu ya betri, nitakuonyesha." Mshono huo uhesabu kuwa sehemu ya ndoano. Kisha soma kila toleo kwa sauti mbele ya mtu asiyejua mashine hizi, na pale anapokunja uso ndipo mshono umeachia.

Raundi ya kwanza basi ina matoleo matatu: ndoano tatu, urefu mmoja wa sekunde 30, mwito mmoja wa WhatsApp. Ukishapata ndoano inayoshinda, raundi ya pili inaijaribu kwa sekunde 15, 30 na 45. Raundi ya tatu inachukua urefu ulioshinda na kubadilisha mwito tu. Jumla utakuwa umetengeneza matoleo sita, wakati kuchanganya kila ndoano na kila urefu na kila mwito kungekupa 18, na bajeti ya duka moja haiwezi kuyalisha yote. Njia hii ina upungufu wake: inawezekana ndoano ya kifaranga ingeshinda kwa sekunde 15 lakini ikashindwa kwa 30, na hutaliona hilo. Nakubali upungufu huo kwa sababu matoleo 18 yenye jumbe tatu tatu hayakuambii chochote.

Katika kila raundi toleo la zamani lirudi uwanjani pamoja na mapya. Usilinganishe jumbe za wiki hii na za mwisho wa mwezi uliopita, watu walipokuwa wamepokea mshahara.

Kuhusu kufupisha, naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipowahi kuumia. Kwa usomaji wa kawaida wa tangazo la Kiswahili mimi huhesabu maneno mawili hivi kwa sekunde. Sekunde 30 ni maneno 60, sekunde 15 ni 30. Na hesabu namba jinsi zinavyotamkwa: "37.5" kwenye karatasi ni neno moja, mdomoni ni "thelathini na saba nukta tano", maneno matano, karibu sekunde tatu. Katika toleo la sekunde 15 namba hiyo iondoke kwenye sauti, iandikwe kwenye kioo.

Kufupisha ni kuondoa hoja nzima. Kuongeza kasi ya msomaji au kunyofoa kivumishi hapa na pale hakusaidii. Toleo la sekunde 15 linabeba ndoano, hoja moja na mwito, na hoja hiyo ndiyo inayojibu ndoano. Kwa ndoano ya umeme ingekuwa hivi: "Umeme ukikatika, mayai yanakuwaje? Mashine hii unaiunganisha na betri, joto linabaki. Bonyeza, tuandikie WhatsApp." Ni maneno 14, na nafasi iliyobaki ni ya kuonyesha mkono ukichomeka waya wa betri bila kuharakisha.

Maumivu yenyewe yalikuwa haya. Miaka kadhaa nyuma nilimfupishia mteja tangazo la mashine kama zako. Skripti ndefu ilisema "inabeba mayai 64, na siku ya 21 vifaranga wanatoka." Mimi nikabana: "Vifaranga 64 kwa siku 21." Lilikuwa fupi, likashinda kwa jumbe, na lilikuwa uongo. Mayai mengine hayana mbegu, mengine hufia njiani hata kwenye mashine nzuri. Wanunuzi walirudi na hesabu zao mkononi, na mteja wangu ndiye aliyesimama mbele yao, si mimi. Tangu hapo kila toleo fupi nalisoma sambamba na lile refu na kuuliza: je, kuna ahadi hapa ambayo haikuwepo kule? Ikiwepo, toleo hilo halirekodiwi.

Mwito upime kwa pesa zilizoingia, usiupime kwa jumbe. "Tuandikie upate bei" huleta watu wengi, na wengi wao wanataka kujua bei tu, halafu kimya. "Njoo dukani uione ikifanya kazi" huleta wachache, ila mtu aliyepanda daladala hadi dukani kwako ana nia. Ukihesabu jumbe peke yake, mwito wa kwanza utashinda kila siku. Weka daftari lenye safu nne: toleo, jumbe, waliofika au kupiga simu, waliolipa. Na kwa kuwa hakuna anayenunua mashine kama hii siku ileile aliyoiona, subiri angalau wiki mbili baada ya tangazo kuisha ndipo ufunge hesabu ya raundi ya tatu.

Ili ujue nani ametoka toleo gani, kila tangazo la WhatsApp liwekee ujumbe ulioandikwa tayari, mteja akibonyeza unajitokeza kwake. Mwishoni mwa ujumbe huo weka alama ya toleo, na faili la video lipe jina hilohilo:

```
N2-30-W
```

Yaani ndoano ya pili, sekunde 30, mwito wa WhatsApp. Anayekuja dukani muulize ameona video ipi. Watu hukumbuka picha ya kwanza, "ile ya kifaranga", na hilo linatosha.

Usiweke matoleo yote chini ya seti moja ya tangazo ukadhani yanashindana kwa haki. Mfumo wa Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, huanza kupendelea lile linalofanya vizuri saa za mwanzo, na mengine hunyimwa watazamaji kabla hayajapimwa. Tumia chaguo la `A/B test` ndani ya Ads Manager, ambalo hugawa watu ili kila mmoja aone toleo moja. Kwa ndoano, chukua `3-second video plays`, yaani mara ngapi video ilitazamwa angalau sekunde tatu, ugawe kwa `Impressions`, yaani mara ngapi ilionyeshwa: hapo unaona ni sehemu gani ya waliokutana nayo walisimama. Ndoano ikisimamisha wengi na jumbe zikawa chache, kagua mshono kwanza.

Sasa zile jumbe 12 na 9. Kama matoleo mawili yameonyeshwa kwa idadi inayokaribiana ya watu, tofauti ya jumbe iwe kubwa kuliko mara mbili ya kipeuo cha pili cha jumla yake:

```
A - B > 2 × √(A + B)
```

Jumla yako ni 21, kipeuo chake ni kama 4.6, mara mbili ni 9.2. Tofauti yako ni 3. Hiyo inaweza kuwa bahati tu. Ungeonyesha video moja mara mbili ungeweza kupata pengo hilohilo. Tuseme ungepata 60 na 35: jumla 95, kipeuo 9.7, mara mbili 19.5, na tofauti ni 25. Hapo ningekubali kwamba kuna mshindi.

Kwa hiyo panga bajeti kuanzia kwenye jumbe. Kama kila ujumbe ulikugharimu shilingi 1,500, jumbe 50 kwa kila toleo ni shilingi 75,000, na ndoano tatu ni 225,000. Ikiwa hela hiyo haipo, jaribu ndoano mbili, na uchague zile zinazotofautiana zaidi: ya umeme na ya kifaranga. Salamu ya "Habari mpendwa mteja" iache itumike kwenye WhatsApp, mtu akishakuandikia.