Video za mapishi kutoka Wete: zitalipa?

*Nipo Wete, nina mwaka mzima napika mbele ya simu kwa Kiswahili chetu na kuweka YouTube. Nina video 26, watu 730 waliojiandikisha na saa 612 za kutazamwa. Kipande kifupi cha mkate wa kumimina kimetazamwa mara 190,000. Mume wangu ananiambia namaliza bando bure. Kweli pana pesa hapa?*

Dada yangu, kwanza tukiweke pembeni kile kipande cha mkate wa kumimina, kwa sababu ndicho kinachokupa matumaini yasiyo na mizani. Ili upewe mgao wa matangazo, YouTube inataka watu 1,000 waliojiandikisha pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 iliyopita, na muda wa vipande vifupi vinavyotazamwa kwa kupitisha kidole hauhesabiwi katika saa hizo. Vipande hivyo vina mlango wao, nao ni kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hao 190,000 hawakusogezi popote.

Tubaki basi na saa 612. Katika takwimu ulizonitumia, `Average view duration` ni dakika 2 na sekunde 40, yaani kila anayefungua video ndefu hukaa muda huo kwa wastani kabla ya kuondoka. Saa 4,000 ni dakika 240,000; ukizigawa kwa wastani huo, unahitaji kutazamwa mara 90,000 kwa mwaka, ilhali wewe umepata mara 13,770. Lakini wastani huo unaficha jambo. Video yako ya kaimati peke yake imetazamwa mara 5,200, na kila mtu amekaa dakika 4 na sekunde 10, kwa hiyo imeleta saa 361 katika zile 612. Nyingine 25 zote kwa pamoja zimeleta 251 tu, na mtu hukaa humo kiasi cha dakika 1 na sekunde 45.

Nimezitazama zote mbili, ya kaimati na ya pweza wa nazi, nikaona tofauti bila ya kutafuta sana. Katika kaimati, sekunde ya tano mkono umeshakamua unga kutoka kwenye ngumi na donge limeshaingia kwenye mafuta. Katika pweza, salamu, jina la ukurasa na ombi la kujiandikisha vinakula sekunde 70 kabla hatujauona hata mkia. (Salamu ni adabu, sikatai, ila mgeni huyu ana njaa.) Fungua mchoro wa `Audience retention` wa video ya pweza, unaoonyesha watazamaji wangapi bado wamebaki kila sekunde: ukiona mstari umeporomoka kabla ya sekunde ya 30, tatizo ni mwanzo wako, wala si lugha. Ukifikisha wastani wa dakika 4 kwa video zote, zile 90,000 zinashuka hadi 60,000.

Kaimati imebebwa pia na Ramadhani, na hapa pana hesabu ambayo wengi hawaioni. Saa zinahesabiwa kwa siku 365 zinazosogea kila siku, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11. Kwa hiyo Ramadhani inapomalizika, dirisha lako lina mwezi mzima wa mwaka huu na bado lina kumi la mwisho la mwaka uliopita. Huo ndio wakati saa zako zinapokuwa nyingi kuliko siku nyingine yoyote, na ukifikia kiwango, omba siku hiyo hiyo. Video za futari basi zitangulie kutoka katika Shaabani, watu wanapoanza kutafuta.

Sasa pesa. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba `RPM`, yaani kinachobaki kwako kwa kila mara 1,000 za kutazamwa baada ya YouTube kuchukua chake, ni senti 60 za dola. Kiwango cha kweli hutegemea sana nchi aliko mtazamaji. Ndugu zetu waliopo Uingereza huweza kukupandishia. Kutazamwa mara 90,000 kunatoa dola 54, na malipo hayatumwi mpaka yafike dola 100. Mwaka mzima wa kazi, baada ya kukubaliwa, hautoshi kwa malipo hata mara moja, kwa hiyo kwa upande wa matangazo mumeo hajakosea. Ningekuwa wewe, ningeweka namba ya kupokea oda za futari chini ya kila video, kwani oda chache za Wete na Chake zitaizidi dola 54 mapema.

Ukiendelea na matangazo, zima redio jikoni. Taarabu inayosikika kwa nyuma ikitambuliwa, mwenye wimbo anaweza kudai mapato ya video yako. Na mapato yakifika dola 10, hutumwa barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani, kwa hiyo jaza sanduku la posta ambalo unalifungua wewe mwenyewe.