Minara ya mawe kwenye picha: chokaa au graniti?

*"Kalenda ya dukani kwetu ina picha ya mawe marefu yamesimama majini, mengine yana mapango. Haina jina la mahali. Jirani anasema ni mawe kama ya Bismarck, tofauti ni urefu tu. Kweli?" (Kirumba)*

Hapana. Bismarck na vilima vyote vya mawe vya Mwanza ni graniti, na hiyo minara, kwa jinsi ulivyoieleza, ina kila dalili ya mawe ya chokaa. Ukitaka uhakika, anza kuitazama picha kwa chini, pale mwamba unapogusana na maji. Mnara wa chokaa uliosimama baharini huwa umeliwa kitakoni: kuna mkato unaouzunguka, na mwamba wa juu umetokeza juu ya maji kama paa la kibaraza. Maji huuyeyusha pole pole, na viumbe wadogo wa baharini huutoboa na kuukwangua. Mawe yetu ya ziwani yana mstari wa rangi tu, alama ya ziwa kupanda na kushuka. Mwamba wenyewe haukukatwa.

Kisha panda na macho ukutani. Kwenye chokaa mara nyingi utaona mistari ya tabaka, michirizi myeusi na myeupe, na pengine mawe yaning'iniayo nje kabisa, chini ya kingo. Hayo mawe ya kuning'inia ndiyo ushahidi mzito kuliko yote, maana ni chokaa iliyoyeyushwa mahali pengine ikaganda tena pale. Graniti haifanyi hivyo. Yenyewe hupasuka kwa nyufa, kona zikalegea, maganda yakabanduka, hadi yanabaki mawe ya mviringo yaliyobebana, kama unavyoyaona ukipita Capri Point.

*"Mwamba unayeyukaje kwa maji ya mvua? Mbona ya kwetu hayayeyuki?" (mwanafunzi, Nyegezi)*

Mvua huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi angani, na ikipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza huchukua nyingi zaidi. Maji hayo huwa asidi hafifu. Chokaa ni kalsiamu kaboneti, na asidi hiyo huigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka na kuondoka na maji:

```
CaCO3 + H2O + CO2 → Ca(HCO3)2
```

Kasi yake ni sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka, ila maji hayali kila mahali sawa. Hufuata nyufa. Ufa hupanuka, maji mengi zaidi yanaingia humo, ufa unapanuka tena. Miaka mamilioni ikipita, penye nyufa pamekuwa mabonde na katikati imebaki minara. Maji yakifika kina ambacho ardhi imejaa maji tayari, hayashuki tena. Huanza kula pembeni. Ndiyo maana minara mingi husimama kwenye tambarare, mapango yakiwa kitakoni.

Graniti ina kwatzi, ambayo asidi hiyo haiigusi kwa kasi ya kuonekana, na feldispa, ambayo hugeuka udongo wa mfinyanzi badala ya kuyeyuka yote. Mabaki huziba nyufa.

Jaribu mwenyewe. Chukua ganda la konokono ufukweni na kipande cha graniti. Kwangua kila kimoja kwa msumari upate unga kidogo, kisha dondoshea siki. Ganda litatoa mapovu. Graniti itakaa kimya. Kukwangua ni muhimu kwa sababu siki ni asidi dhaifu, na jiwe gumu lisilo na unga linaweza kukudanganya. Kosa la kawaida ni kuokota kokoto kwenye eneo la ujenzi: saruji iliyokauka juu yake hutoa mapovu, mtu akatangaza amegundua chokaa Nyegezi.

*"Sawa ni chokaa, lakini ni nchi gani?" (Kirumba, tena)*

Kama maji ni ya bahari na visiwa ni vingi vimesongamana, anza na Ghuba ya Ha Long, Vietnam, yenye visiwa na vijisiwa kama 1,600. Palikuwa bara lenye minara. Bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu, mabonde yakazama. Phang Nga ya Thailand na Palawan ya Ufilipino zina sura inayofanana, hivyo kwa miamba peke yake usiape. Tazama mashua na maandishi.

Kama kuna mto na mashamba ya mpunga kati ya minara, fikiria Guilin na Yangshuo, kusini mwa China. Ukiwa na mfanyabiashara anayesafiri huko, muombe akuonyeshe noti ya yuani 20: mgongoni kuna mandhari ya mto Li.

Kama mawe ni makali kama visu vilivyosimamishwa, bila tambarare kati yake, hiyo ni sura ya Tsingy de Bemaraha, magharibi mwa Madagaska. Na tahadhari moja: nguzo za Zhangjiajie, China, zinazosambaa sana kwenye simu, ni mawe ya mchanga wenye kwatzi. Zina tabaka pia, ila kona zake ni za mraba, na huoni mawe ya kuning'inia.

*"Picha nyingine ina shimo kubwa la duara lenye miti ndani. Ni kimondo kilianguka?" (Sengerema)*

Angalia ukingo. Kimondo au mlipuko wa volkano hurusha vifusi nje, hivyo ukingo huinuka kuzidi ardhi ya jirani. Mashimo ya Katwe, Uganda, ni ya mlipuko na yana kingo hizo. Shimo la chokaa halina tuta: ardhi ni tambarare, halafu ghafla hakuna kitu, kwa sababu paa la pango liliangukia ndani. Kuta zikiwa wima na chini kuna rundo la mawe yenye miti, ni hilo. Xiaozhai, katika Chongqing, China, lina kina cha mita 660 hivi, na mto wa chini ya ardhi unapita sakafuni.

*"Barabara ya mtaani kwetu imetumbukia. Ni mambo hayo hayo?" (Igoma)*

Hapana. Chini yenu hakuna chokaa ya kuyeyuka. Tafuteni kalavati lililopasuka, bomba linalovuja au shimo la maji taka la zamani. Maji yakiendelea kusomba mchanga, shimo litarudi hata likifukiwa, kwa hiyo zibeni uvujaji kwanza.

*"Nataka kuona haya mambo bila kutoka Tanzania." (Bwiru)*

Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa jiji la Tanga, ndiyo ya kuanzia. Ni chokaa ya enzi ya Jurasiki, na ndani utaona mawe yanayoning'inia na yanayoota kutoka sakafuni. Vaa viatu vya soli isiyoteleza, beba tochi ya akiba mbali na simu, na usishike mawe yanayodondosha maji: mafuta ya vidole huzuia chokaa mpya kuganda.

Ukifika Unguja, nenda pango la Kuza, Jambiani. Ni chokaa ya matumbawe, changa kuliko ya Amboni, na chini kuna dimbwi la maji. Minara kama ya kalenda hutaipata, Tanga wala Unguja.

Nyumbani Mwanza nafasi kati ya mawe zinaitwa mapango pia, na si vibaya. Ila utaona mwanga ukipenya kati ya jiwe na jiwe, na dari ni tumbo la jiwe moja kubwa lisilo na hata tone lililoganda.