Nilipitisha rola ya sindano juu ya chunusi mbichi

Nilinunua rola ya sindano Kariakoo, yenye sindano za urefu wa milimita 1, nikitaka kufuta vishimo vya chunusi mashavuni. Tayari nilikuwa na chunusi tatu mbichi. Nikapita juu yake, kisha nikaendelea na shavu zima. Siku ya tatu shavu lilikuwa la moto, limevimba, na vipele vya usaha vimejipanga kufuata njia ya rola. Daktari wa ngozi aliniambia sindano zilichota vijidudu kwenye chunusi na kuvipanda katika kila tundu. Antibiotiki zilimaliza usaha, lakini madoa meusi yalikaa miezi saba.

Kumbe vishimo vile vinahitaji sindano ndefu, kama milimita 1.5, mikononi mwa mtaalamu, tena kwa awamu kadhaa. Ya nyumbani isizidi milimita 0.25, nayo husaidia tu krimu kupenya na ngozi kuonekana laini kwa muda. Vishimo haivijazi.

Ukiitumia, iloweke kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kumi, kabla na baada, kisha iache ikauke yenyewe. Usimwazime hata dada yako, maana damu isiyoonekana inaweza kubeba virusi vya homa ya ini au VVU. Siku hiyo usipake vitamini C, asidi wala chochote chenye manukato. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa kiganja. Joto likipanda au maumivu yakizidi baada ya siku ya pili, nenda hospitali.

Mwenye chunusi mbichi, chunjua au malengelenge ya mdomo asiiguse kabisa, kwa sababu itasambaza. Vivyo hivyo mwenye kovu la keloidi, yeye au ndugu zake wa damu, anayetumia isotretinoini au dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Na nawasihi dada zangu wa mkorogo: ngozi iliyokondeshwa na steroidi haina kinga ya kupambana na matundu hayo.

Barakoa ya mwanga haitoboi, ndiyo maana sasa naitumia: mwanga mwekundu, dakika kumi, mara nne kwa wiki, macho nimeyafunika. Wiki ya kumi uvimbe wa chunusi ulipungua kiasi, madoa hayakubadilika. Mwanga wa bluu huua bakteria wa chunusi, ila unaweza kuikoleza rangi ya ngozi yetu, hasa kwa mwenye madoa ya ujauzito, kwa hiyo nimeuacha. Anayemeza doksisaiklini, mwenye lupasi, kifafa au ugonjwa wa retina amuulize daktari kwanza.

Rola yangu niliifungia kwenye kopo gumu la plastiki kabla ya kuitupa, isije ikamchoma mzoa taka.