Laini tatu, mshahara mmoja

Wiki iliyopita nimelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 480,000, bila kumpigia mtu simu. Baba mwenye nyumba alikuwa amekaa barazani anakunywa kahawa. Simu yake ikalia, akasoma meseji, akavua miwani, akaisoma tena. "Mwanangu, zote?" Zote, baba. Niliingia ndani nikajifungia mlango nikacheka peke yangu.

Siku hiyohiyo kuna mdogo wangu mmoja, msomaji wa hapa, akaniandikia: "Dada, nimeajiriwa mwezi wa tatu sasa. Mshahara unaingia tarehe 25, ikifika tarehe 5 sina kitu na sijui hela imeenda wapi. Naogopa hata kuangalia salio." Nilitaka kumjibu faragha, lakini najua mko wengi, na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na laini moja na kila kitu kilikaa humo. Mshahara, hela ya kodi, mchango wa kitchen party, nauli. Unaangalia salio unaona 310,000, unajiona tajiri, unanunua viatu. Kumbe 80,000 ya pale ni ya chumba na 40,000 ni ya mama, ila salio haliandiki majina. Miezi sita ikaisha nikiwa na 90,000. Mama mwenye nyumba alinisema uani, wapangaji wenzangu wakifua, kwamba watoto wa siku hizi wanavaa vizuri na hawana kitu. Nilikopa kwa watu watatu. Mmoja wao hadi leo hatusalimiani vizuri, ingawa nilimlipa yote.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanakosea hata kabla ya kuanza. Bajeti haipangwi kwa mshahara wa kwenye mkataba. Mkataba wangu uliandika 700,000 na mimi nikapanga 700,000, mpumbavu. Inatoka NSSF asilimia 10, yaani 70,000. Inabaki 630,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi ya mshahara: kwenye 520,000 ya kwanza wanachukua 20,000, na kwenye 110,000 inayozidi wanachukua asilimia 20, ambayo ni 22,000. Jumla 42,000. Halafu bodi ya mikopo, kwa tuliosoma kwa mkopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 105,000. Kilichoingia benki ni 483,000. Sasa tazama, kodi ya miezi sita ni 480,000. Mshahara wangu mzima unalipa chumba na kubakisha 3,000. Nilipoliona hilo kwenye karatasi ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nalia kila baada ya nusu mwaka.

Bajeti ya sifuri maana yake ni hii: kabla hujagusa hata mia, unaipa kila shilingi ya ile 483,000 kazi yake, mpaka ukitoa mipango yote kwenye mshahara inabaki sifuri. Simaanishi utumie yote. Akiba nayo ni kazi. Maana yake tu hakuna hela inayozurura, kwa sababu hela inayozurura ndiyo iliyoninunulia viatu.

Yangu iko hivi, mafungu matatu, kila fungu na laini yake ya simu. Bili: chumba 80,000 (ile ya miezi sita niliyoigawa kwa sita), LUKU 12,000, maji na taka 8,000, bando la mwezi 15,000, mama 40,000. Hiyo ni 155,000. Akiba 60,000. Matumizi: nauli 53,000, kwa sababu napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila moja, siku 22: 52,800, naijaza iwe 53,000. Chakula cha mchana kwa mama ntilie 3,000 kwa siku, 66,000. Chakula cha nyumbani 90,000. Nywele na sabuni 15,000. Michango 20,000, na ikizidi hapo mniache, sitaonekana ukumbini. Raha zangu 4,000. Ndiyo, elfu nne, chipsi na soda, na mwezi umepita. Jumla ya matumizi 248,000.

Ukijumlisha vyote unapata 463,000. Ile 20,000 iliyobaki ni makato, na hapo ndipo nilipopigwa mwezi wa kwanza.

Nilipoanza sikuandika makato popote. Nilituma 155,000 kwenye laini ya bili, hesabu safi, nikajipongeza. Tarehe 19, saa mbili usiku, mita ikaanza kulia. Laini ya bili, ukiacha ile 80,000 ya chumba ambayo haiguswi, ilikuwa na 11,400. Umeme niliupangia 12,000: haitoshi. Nilikaa nikitazama ile 11,400 kama imenitukana. Ningeweza kununua umeme wa 10,000 nikalala, lakini nilitaka kujua ile 600 imeenda wapi. Nikafungua meseji moja moja kwa mwanga wa simu. Kumbe ni hela ya mama. Nilimtumia 40,000 na makato ya kutuma yakakatwa palepale. Ya kutolea nayo nilimwekea, maana huwezi kumtumia mama hela halafu aende kwa wakala akatwe tena, ila hiyo nilikuwa nimeichota kwenye bando bila kuandika.

Kwa hiyo makato ni bili kama bili nyingine. Mwezi wako wa kwanza fanya hivi tu: kila meseji ya muamala inaandika umekatwa kiasi gani, wewe ijumlishe, na mwezi unaofuata iwe mstari wa bajeti. Kwangu imetulia kwenye 20,000. Nimeigawa: 4,000 inabaki benki kwa ajili ya kuhamisha, 5,000 inaingia laini ya bili, 11,000 laini ya matumizi. Basi siku ya mshahara natuma mara tatu kutoka benki: 160,000 bili, 60,000 akiba, 259,000 matumizi. Benki inabaki 4,000 yake.

Laini zenyewe ni za mitandao mitatu tofauti. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya laini moja salio ni moja, na hutaweza kulidanganya jicho lako. Laini tatu, namba za siri tatu, salio tatu. Ukisajili kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, mtandao mmoja unakupa laini moja bila maswali, kwa hiyo mitandao mitatu inatosha. Ila angalia, ukishagawa usihamishe tena kati ya mitandao. Kila kuhama kunakatwa, na kuhamisha 5,000 hapa na 5,000 pale kulinila zaidi ya LUKU mwezi mmoja. Gawa mara moja kutoka benki, basi.

Simu yangu inaingia laini mbili. Ya akiba haimo. Iko kwenye kopo la chai, ndani ya begi, juu ya kabati. Nikiitaka lazima nipande kiti, nitafute pini ya kufungulia, nitoe laini moja, na mpaka hapo hasira ya kununua kitu imeshapoa. Namba yake hakuna anayeijua, si mama, si bwana, hata wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawajawahi kuifikia. Siku ya mshahara tu naiweka, nahakikisha 60,000 imeingia, naitoa. Usiiache miezi na miezi bila kuiwasha, laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kuifuatilia ni foleni.

Na kabla hujaweka hata shilingi kwenye laini ya bili, ingia kwenye menyu ujitoe kwenye ile huduma inayokukopesha salio likipungua. Mimi nilikuwa nimeshaikubali zamani bila kusoma, nikanunua kitu salio likiwa halitoshi, muamala ukapita, nikadhani nina bahati. Mshahara ulipoingia, wa kwanza kuuona alikuwa ni deni: likakatwa na ada yake juu kabla mimi sijasoma meseji, na bili yangu ikawa pungufu tangu dakika ya kwanza. Dalili yake ni hiyo, umetuma 160,000 na salio linasoma kitu kingine. Bando la kukopa nalo ni ndugu yake. Wadogo zangu, hizi huduma hazikuonei huruma, zinakusubiri tarehe 25 kuliko unavyoisubiri wewe.

Laini ya matumizi ndiyo ngumu, kwa sababu daladala na mama ntilie wanataka keshi. Nauli na vyakula ni 209,000 kwa mwezi. Kila Jumapili jioni natoa 48,000 kwa wakala, mara moja. Makato ya kutoa yanakwenda kwa viwango, na kutoa 10,000 mara tano kunakula kuliko kutoa 48,000 mara moja. Wiki nne ni 192,000, ile 17,000 inabaki kwa siku mbili tatu za mwisho wa mwezi ambazo kila mtu huzisahau. Keshi ikiisha Ijumaa, Jumamosi ni ugali na dagaa waliopo. Nimeshawahi kutembea kutoka Tabata Relini hadi Barakuda kwa sababu ya hilo, na sijafa. Dukani nalipa kwa lipa namba. Muuza duka akikwambia tuma kwenye namba ya kawaida "na ya kutolea", tafuta duka lingine.

Sasa nimrudie yule mdogo wangu. Nilimwambia anipe tarakimu zake, akanijibu chumba ni 60,000, alilipa miezi sita akiwa anaingia, na imebaki minne. "Kwa hiyo nitenge 60,000 kila mwezi?" Hapana. Ukianzia katikati ile ya sita haikufai, maana miezi miwili imeshapita bila kutenga. Kodi inayokuja ni 360,000, gawa kwa minne iliyobaki: 90,000 kila mwezi hadi alipe, na baada ya hapo ndiyo ishuke 60,000. Akauliza ile 30,000 ya ziada itoke wapi. Nikamuuliza akiba amepanga ngapi, akasema 50,000. Basi kwa miezi minne akiba ni 20,000. Hajajibu tangu jana, nadhani amekasirika.