Kuongeza mafundi au kuanza kazi mapema? Niliyoyaona kwenye jengo la barafu Igombe

"Wakuu, tuna jengo la ghala hapa Nyegezi, zimebaki wiki tisa na mteja anataka tumkabidhi ndani ya wiki saba. Bosi anasema tuongeze mafundi. Mimi naona tuanze umeme na plasta kabla paa halijaisha. Kipi kina gharama na hatari ndogo?"

Mkuu, anachosema bosi wako ndiyo krashing: unalipa zaidi ili kazi ileile iishe kwa siku chache. Unachosema wewe ni fasti traking: kazi mbili zilizokuwa zifuatane unazipandanisha. Nimefanya zote mbili kwenye jengo moja, nikiwa fomani wa jengo la mtambo wa barafu Igombe. Hesabu zake ninazo hadi leo, na jibu langu linatoka humo.

Kazi zilizobaki zilikuwa hivi. Kuta siku 14, paa siku 12, kumwaga sakafu siku 8, zege kukomaa siku 7, kisha watu wa mtambo wafunge mashine siku 7. Jumla siku 48. Pembeni kulikuwa na shimo la maji taka, na wenyeji wa Mwanza mnajua kuchimba kwetu ni kupasua mwamba. Mpaka bomba liunganishwe ilikuwa siku 43. Mteja aliahidi nyongeza ya shilingi 500,000 kwa kila siku tutakayowahi, hadi siku 10. Sisi wenyewe tulikuwa tunatumia kama 100,000 kwa siku kwa mlinzi, usimamizi na vifaa vya kukodi. Kwa hiyo kila siku iliyopungua ilikuwa na thamani ya 600,000 kwetu.

Tulianza na krashing. Unachotafuta hapo ni bei ya siku moja: chukua gharama iliyoongezeka, gawa kwa siku zilizopungua. Kuta tulizitoa siku 14 hadi 10 kwa nyongeza ya 800,000, yaani 200,000 kwa siku. Sakafu ilikuwa 300,000 kwa siku na isingeweza kupungua zaidi ya siku 2. Paa 350,000, mwisho siku 3. Zege kukomaa halikuguswa, kwa sababu hata ukileta watu 50 halikomai haraka. Unaanza na siku ya bei ndogo kwenye mnyororo mrefu, yaani zile kazi zinazofuatana ambazo jumla yake ndiyo inayoamua siku ya kukabidhi, si popote unapoona watu wamesimama.

Angalia pia kwamba kwenye kuta tulitoka mafundi 6 hadi 10, lakini kazi haikuharakika kwa kiwango hicho. Kwa hesabu ya vichwa zingeisha siku 8 na kidogo. Haiwezekani, kwa sababu jukwaa ni lilelile, udongo wa kujengea unachanganywa na watu walewale, na ukuta haupandi zaidi ya mita moja na nusu hivi kwa siku kabla udongo haujashika. Siku ya pili niliona mafundi wawili wamekaa juu wanasubiri karai, nikajua nimefika ukingoni. Niliongeza saidia fundi badala ya kuongeza fundi. Nikakataa pia tofali zilizofyatuliwa siku tatu nyuma, maana haraka inapoanza muuzaji naye huleta mbichi, na pembe zake zinakatika mkononi.

Kuta siku 4, sakafu siku 1: tukashuka hadi siku 43 kwa shilingi 1,100,000. Na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, mimi nikiwemo. Mnyororo mrefu ulikuwa sasa umelingana na lile shimo. Kuanzia hapo, kupunguza siku moja upande wa jengo hakumpi mteja kitu kama shimo bado liko siku 43. Lazima ulipe pande zote mbili. Kukodi kompresa ya pili kwa ajili ya mwamba ilikuwa 250,000 kwa kila siku iliyopungua. Siku ya sita ya kupunguza kwa hiyo ingekuwa sakafu 300,000 na shimo 250,000, jumla 550,000. Bado kuna faida ya 50,000. Siku ya saba ingekuwa paa 350,000 na shimo 250,000, jumla 600,000, sawasawa na thamani yake. Hesabu ilikuwa inasema: simama siku ya 42.

Hatukusimama. Bosi alitaka siku zote 10, na siku 5 zilizobaki tukaamua kuzipata kwa kupandanisha: tumwage sakafu chini ya nusu ya paa iliyokwisha kuezekwa, wakati nusu nyingine inapigwa kenchi. Kwenye karatasi hilo halina gharama, na nilikubali kwa moyo wote. Shimo tukalilipia siku 5, shilingi 1,250,000.

Tatizo halikuwa mvua wala paa. Ramani ya mwisho ya msingi wa mtambo, inayoonyesha mfereji wa maji na sehemu za bolti, ilikuwa ije wiki ya mwisho ya paa. Katika mpango wa mwanzo ingefika kabla ya sakafu. Tulipoisogeza sakafu mbele, tuliipita ramani. Tukatumia mchoro wa awali. Watu wa mtambo walipofika na kipimo chao, zege likiwa limekomaa, mfereji ulikuwa umekaa sentimeta 60 pembeni. Kuvunja na kumwaga upya siku 2, kukomaa tena siku 7, na shilingi 2,100,000. Tukakabidhi siku ya 47.

Kwa hiyo tulitumia jumla ya shilingi 4,450,000 kuokoa siku moja. Kompresa ya pili ilipasua mwamba kwa haraka, kisha shimo likakaa siku 9 likisubiri sakafu. Tungesimama siku ya 42 kama hesabu ilivyosema, tungebaki na faida ya 1,950,000. Iliniuma sana, kwa sababu mimi ndiye niliyesema mchoro wa awali unatosha.

Ndiyo maana nasema hatari zake hazifanani. Krashing unaijua gharama asubuhi, na ikishindwa unaona siku hiyohiyo: watu wanasubiri, viungo vya tofali vinanenepa. Fasti traking gharama yake imejificha ndani ya taarifa ambayo bado hujaipata, na unaiona zege likishakauka. Kabla ya kupandanisha kazi mbili, uliza kwa nini zilikuwa zinafuatana. Kama ni mazoea tu, pandanisha. Kama ya pili inasubiri kipimo, ramani au uamuzi wa mtu, subiri hicho kitu kwanza.

Kwako Nyegezi: mabomba ya umeme ukutani yaanze hata leo, hayahitaji paa, ila hakikisha mteja amesaini sehemu za soketi na taa. Nyaya zisivutwe kabla paa halijaisha. Plasta ya ndani piga chini ya sehemu iliyoezekwa pekee, na mabomba ya chumba hicho yawe yamekwisha kukaguliwa. Plasta ya nje iache, vuli ikianza itaoshwa.

Kwa upande wa bosi, mwombe bei ya siku moja kwa kila kazi iliyo kwenye mnyororo mrefu. Halafu tuwekee hapa kazi ya pili kwa urefu, ile ya pembeni, na inaisha siku ya ngapi. Bila hiyo hakuna anayeweza kukwambia kama wiki mbili zinapatikana, na mafundi wa kuongeza msiwalipe kwanza.