Kiambishi -nge- kikae kwa nani unapoomba?

Swali: Nafanya kazi kwa mwagizaji wa matairi hapa Kampala, na kila siku naandikiana na wakala wetu wa forodha aliyeko Mombasa, mtu mzima kwangu. Juzi nilimwandikia: "Nilikuwa najiuliza kama labda ungeweza pengine kunitumia ankara ya lile kontena, kama haitakuwa usumbufu, ila kama huna nafasi si lazima." Akajibu, "Sawa, usijali," na ankara haikuja. Bosi anasema naandika kwa woga. Lakini nikiandika "Nitumie ankara" naona namwamrisha mkubwa wangu. Niandikeje?

Jibu: Mwandikie hivi: "Habari za asubuhi, Mzee. Naomba unitumie ankara ya kontena la matairi kabla ya saa sita mchana leo, tuwahi kulipa ushuru." Ukiona bado ni kavu, badilisha neno moja tu: "Ningeomba unitumie." Hapo adabu imetosha, na kazi inajulikana ni ya nani na ya lini.

Mzee huyo hakukudharau. Alijibu kile ulichoandika. "Nilikuwa najiuliza" kwa Kiswahili ni habari ya jambo lililopita. Anayeisoma anangoja umweleze baada ya kujiuliza uliamua nini. Kisha "kama" ikaning'iniza yote yaliyofuata, "labda" na "pengine" zikasema jambo lilelile mara mbili, na mwishoni ukamwachilia kabisa kwa "si lazima". Mtu aliyeambiwa si lazima akijibu "Sawa, usijali", amejibu vizuri.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ni hicho kiambishi -nge-, kwa sababu ndicho chombo chetu hasa cha kulainisha ombi, na wengi wanakiweka pasipo pake. Wewe ulikiweka kwa mwombwaji: "ungeweza kunitumia". Sasa, sentensi ya -nge- inayomhusu mwenzako huwa inangoja nusu ya pili. Ungeweza, halafu ingekuwaje? Usipoimalizia, msikilizaji huimalizia mwenyewe, na mara nyingi huimalizia kwa ubaya. Sikiliza watu wanavyosema: "Ungeweza kuniambia mapema." "Ungenipigia simu basi." Hizo ni lawama. Vitabu vya sarufi hutaka lawama ya jambo lililokwisha kupita itumie -ngali-, yaani "ungaliniambia", lakini katika mazungumzo ya kila siku -nge- hufanya kazi zote mbili. Kwa hiyo "ungeweza kunitumia ankara", ikisomwa na mtu aliyechoka saa kumi jioni, inaweza kusikika kama unamlaumu kwa kuwa hakukutumia.

Kihamishie -nge- kwako wewe unayeomba. Ningeomba. Ningependa. Ningeshukuru. Hapo unayejinyenyekeza ni wewe, na mwenzako hajaguswa na shaka wala lawama. Kitenzi chake yeye kipe mwisho wa -e: "ningeomba unitumie", "ningependa tuonane Jumatatu", "ningeshukuru ukinijibu leo". Hiyo ya mwisho imechukua -ki- kwa sababu shukrani inategemea jibu, nayo ni sahihi pia.

Angalia na mwisho wa kitenzi kinachofuata "naomba", maana siku hizi naona sana "naomba kunitumia ankara". Haisimami. Kitenzi cha ku- kikifuata "naomba", mtendaji anabaki kuwa yule anayeomba: "naomba kutumia simu yako" maana yake mimi ndiye nitakayeitumia. Ukitaka mwenzako atende, lazima umtaje ndani ya kitenzi: naomba u-ni-tumie. Ukiwaandikia kampuni nzima na hujui atakayeshughulika ni nani, andika "naomba mnitumie".

Nielewe vizuri kuhusu "nitumie" pekee. Si matusi. Kati ya marafiki, au kwa mtu mnayefanya kazi meza moja, inapita bila neno, na "tafadhali nitumie" inafaa hata kwa mtu usiyemjua. Ila kwa mkubwa wako naafikiana nawe kwamba haitoshi. Hofu yako naijua inakotoka. Kiswahili kilipotangazwa lugha ya taifa Uganda mwaka 1973, chini ya Idi Amin, tayari kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na raia wengi, hasa Buganda, walikizoea kwa njia ya amri: simama, kaa chini, toa kitambulisho. Aliyelelewa katika kumbukumbu hiyo akiona kitenzi kisicho na kitu mbele yake, anasikia sauti ya kizuizi cha barabarani. Tena Luganda ina namna yake nyepesi: unasema "mpaako amazzi", na ile -ko ya mwisho inapunguza uzito wa kuomba. Kiswahili sanifu hakina -ko hiyo. Anayeikosa hutafuta cha kuijaza, na hapo ndipo zinapoingia labda, pengine, samahani na kama hutajali, zote katika sentensi moja. Kazi ya -ko hiyo kwetu inafanywa na "naomba". "Naomba maji" ni ombi kamili la heshima, mbele ya mzee na mbele ya mtoto wa dukani.

Heshima iliyobaki iweke kwenye salamu na kwenye jina unalomwitia, kama ulivyozoea kuwaambia watu ssebo na nnyabo. "Habari za asubuhi, Mzee" imebeba adabu zaidi ya "labda" tano.

"Unaweza" na "utaweza" zina nafasi yake pia, pale ambapo kweli hujui kama jambo linawezekana. "Je, utaweza kupata ankara kabla ya saa sita?" ni swali zuri ikiwa ankara bado iko kwa muuzaji na wakala mwenyewe anaisubiri. Anaweza kukujibu hapana bila aibu. Lakini kama ankara iko mezani kwake, kumuuliza kama anaweza ni kumzungusha bure.

Kuna maombi yanayostahili kuzungukiwa kidogo: kumwomba mtu mkopo, au kumwomba aache shughuli zake Jumapili. Hata hapo sharti moja linatosha, na liandamane na sababu: "Mzee, kama nafasi inaruhusu, ningeomba uende bandarini kesho ukaniangalizie kontena, kwa kuwa mteja wetu anasafiri Jumanne." Neno "kama" limekuja mara moja na lina kitu cha kweli cha kuulizia, yaani nafasi yake.

Na kwa kuwa ankara bado hujaipata, usirudie ule ujumbe wa kwanza wala usiombe radhi kwa kuuliza tena. Andika: "Mzee, nakukumbusha ankara ya kontena la matairi. Ningeshukuru nikiipata leo kabla ya saa kumi." Akijibu "sawa" safari hii, atakuwa ameitikia ankara na saa yake.